Mteja kalipa, ujumbe mkali bado unaenda

"Nauza barafu kwa wafanyabiashara wa samaki Mwaloni Kirumba. Mfumo wangu unapanga jumbe tatu za kudai, lakini mtu akishalipa bado anapata ule mkali. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, kosa ni kupanga jumbe zote siku ankara inapotoka. Usipange chochote mbele. Kila asubuhi saa tatu mfumo uulize upya nani anadaiwa:

```sql
SELECT * FROM ankara
WHERE salio > 0
  AND siku_ya_mwisho < CURRENT_DATE;
```

Ukali uamuliwe hapo hapo kwa siku zilizopita: siku 3 kumbusha kwa upole, siku 10 taja kiasi na uombe tarehe, siku 20 sema barafu ya mkopo imesimama. Kisha soma salio tena sekunde ya mwisho kabla ya kutuma.

Pagumu ni malipo ya simu yasiyo na namba ya ankara. Mama anadaiwa 480,000, anatuma 300,000 kwa simu ya mwanawe. Pesa imeingia, lakini ankara haijui. Kwangu, malipo yoyote yasiyo na mwenyewe yanasimamisha jumbe za siku 10 na 20 kwa wateja wote mpaka nimeyaoanisha kwa mkono. Kuchelewa kudai siku moja ni nafuu kuliko kumtisha aliyelipa. Nikishaoanisha, salio linakuwa 180,000, na kwa kuwa ameonyesha nia, namrudisha kwenye ujumbe wa upole.