Pt100 inazidisha nyuzi 8, sensa imekufa?

"Wakuu, chumba cha samaki hapa Tanga, Pt100 ya waya mbili, kebo mita 40, inasoma nyuzi 8 juu ya kipimajoto cha mkono. Sensa imekufa?"

Mkuu usiitupe, hiyo ni kebo. Pt100 ina omu 100 kwenye nyuzi 0 na inaongezeka kama omu 0.39 kwa kila nyuzi, sasa waya wako kama ni wa milimita za mraba 0.5, kwenda na kurudi mita 80 unakula karibu omu 3, na kontrola haijui kutofautisha hizo omu na joto, gawanya uone, nyuzi 8 kasoro.

Vuta waya wa tatu, kama kontrola yako inaupokea. Ule unapima upinzani wa waya mmoja kisha kontrola inautoa mara mbili, yaani inaamini waya zote zinalingana. Hapo ndipo chumvi ya bahari inapotuumiza huku pwani, skrubu moja ikila kutu ikaongeza omu 0.4 tayari umekosea nyuzi 1. Kaza, safisha, waya zote za kebo ileile.

Waya nne ndo haijali hayo, mbili zinapeleka umeme, mbili zinapima volti tu na umeme karibu haupiti humo.