Nywele za Kwanza za Mtoto: Siku ya Saba, Mizani na Fedha

Swali: Assalamu alaykum sheikh. Nimejifungua mtoto wa kike Jumatatu usiku, baada ya Isha. Mume wangu anasema tumnyoe Jumapili. Mama mkwe anasema mtoto wa kike hanyolewi, na tukishikilia basi tumwachie kishungi utosini, na nywele zishonewe kwenye kitambaa avae shingoni. Mnyama wa akika bado hatujampata. Halafu kaka yake wa miaka 6 ameng'oka jino la kwanza wiki hii hii. Tukimfanyia kijishughuli kidogo, ni bidaa?

Jibu: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Allah akukuzie binti yako na akupe afya wewe uliyemzaa.

Nianze na hesabu, maana muda unakimbia. Katika sheria siku huanza Magharibi, na ndiyo maana wazee wetu usiku huo wanauita usiku wa Jumanne. Siku ya kwanza ya binti yako ni Jumanne, basi ya saba ni Jumatatu, si Jumapili. Laiti angezaliwa mchana wa Jumatatu, hapo wanazuoni wangetofautiana: Mashafii wanaihesabu siku aliyozaliwa, Imam Malik haihesabu kama amezaliwa baada ya alfajiri. Kwenu ninyi rai zote mbili zinakutana Jumatatu.

Asili ya jambo hili ni hadithi ya Samura bin Jundub, Allah amridhie, kwamba kila mtoto yuko rehani kwa akika yake, huchinjiwa siku ya saba, hunyolewa na hupewa jina. Mambo hayo matatu yametajwa pamoja, lakini hayakufungwa kamba moja. Aliyekosa mnyama hakukosa wembe. Mnyoeni Jumatatu, mpeni jina, na akika mtaichinja Allah akiwafungulia. Mngekuwa na mnyama, Mashafii wangependelea mchinje kwanza ndipo mnyoe.

Mama mkwe hakulitoa hewani neno lake kwamba wa kike hanyolewi. Mahanbali wanasema hivyo hivyo, kunyoa ni kwa wa kiume. Ila Mashafii na Wamaliki wanawanyoa wote, na katika Muwatta imepokewa kwamba Bibi Fatima alizipima nywele za Hasan na Husein, na za Zainab na Ummu Kulthum pia, akatoa sadaka fedha ya uzito wake. Zainab na Ummu Kulthum ni mabinti. Mimi moyo wangu umetulia hapo. Hata hivyo zungumza na mama kwa upole, umwambie kwamba rai yake inajulikana kwa wanazuoni, ila mumeo na wewe mmeichukua nyingine.

Kwenye kishungi sina nafasi ya kulegeza. Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza *qaza'*, na Nafi' aliyeipokea hadithi hiyo kutoka kwa Ibn Umar alipoulizwa maana yake alisema ni kunyoa sehemu ya kichwa cha mtoto na kuacha sehemu. Imo kwa Bukhari na Muslim. Kinyolewe chote au kiachwe chote.

Sasa mizani, kwani hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Fedha inayotajwa ni ile madini nyeupe ya pete na mikufu, si pesa yoyote tu iliyo mfukoni. Lugha yetu imeyapa yote mawili jina moja, na nimewaona wazazi wakitoa noti moja wakidhani wamemaliza. Unapima nywele, unauliza gramu moja ya fedha inauzwaje siku hiyo, unazidisha, unampa maskini. Mashafii wanaruhusu dhahabu pia kwa mwenye uwezo.

Binti yangu wa kwanza nilimnyoa kwa maji na sabuni, nikazikusanya nywele zikiwa bado mbichi, nikaziweka kwenye mizani ya jikoni. Mara isome gramu 4, mara isome sifuri. Maji yalikuwa yanapimwa pamoja na nywele, na mizani yenyewe haikutengenezewa vitu vyepesi kiasi hicho. Nilizitandaza juu ya karatasi hadi zikakauka, nyepesi hata pumzi ilikuwa inazipeperusha, kisha nikazitia kwenye bahasha na kuzipeleka kwa sonara. Aliweka kwanza bahasha tupu, akairudisha mizani kwenye sifuri, ndipo akaiweka yenye nywele. Ilisoma gramu 1 na nukta 8. Basi fanyeni hivyo: zikauke, na zipimwe kwa mizani ya sonara.

Mkimkosa sonara, kadirieni. Wamaliki wamesema wazi kwamba hata mtoto asiponyolewa uzito hukadiriwa na sadaka ikatolewa. Katika riwaya ya Tirmidhi kuhusu Hasan, nywele zilifika dirhamu moja au sehemu ya dirhamu, na dirhamu ni karibu gramu 3. Tirmidhi mwenyewe amesema sanadi yake haikuungana, lakini kama kipimo inatufaa: kwa kichanga wa siku 7, mkitoa thamani ya gramu 3 za fedha sioni kama mtapungukiwa. Aliyecheleweshwa miezi nywele zake huwa nzito, huyo apimwe.

Wembe uwe mpya, na mkono wa mnyoaji uwe mwepesi pale utosini panapodunda, kwani mfupa bado haujafunga. Kama ngozi ina vipele au mtoto ni njiti, ahirisheni hadi apone. Ni sunna, na sunna haimdhuru mtoto.

Nywele zikishapimwa kazi yake imekwisha. Kuzifukia ardhini ni jambo zuri ambalo baadhi ya wema waliotangulia walilifanya, wala si lazima. Kuzishona kitambaani na kumvisha ili zimkinge, hapana. Hiyo ni hirizi, na Mtume amesema mwenye kutundika hirizi ameshirikisha. Najua mama mkwe anamwogopea mjukuu jicho la watu, na jicho ni kweli. Mfundishe dua ambayo Mtume alikuwa akiwakinga nayo Hasan na Husein, kama alivyoipokea Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas. Kwa mtoto wa kike mmoja itasomwa: *Uidhuki bikalimaatillahi ttaamma, min kulli shaytaanin wa haamma, wa min kulli aynin laamma.* Mwombe yeye ndiye awe anamsomea asubuhi na jioni. Bibi akipewa kazi hiyo hatakitafuta tena kitambaa.

Ama jino la kaka yake, hilo liko mlango mwingine. Nywele za siku ya saba ni ibada, kwa hiyo tunauliza siku, kipimo na namna. Jino ni ada, na ada asili yake ni ruhusa mpaka kiingie kilichokatazwa. Mpikieni anachokipenda, mpeni zawadi, mkusanyike mcheke na pengo lake. Msiseme tu kwamba ni sunna. Kinachoweza kuingia ni maombi: Waarabu wa zama za ujahilia, mtoto aking'oka jino alilirusha kuelekea jua akiliambia limbadilishie lililo zuri zaidi. Kurusha jino hakuna neno. Kuliomba jua, au mnyama, au chochote kisichokuwa Allah, ndiko tunakokukataa, hata kama ni mchezo wa mtoto, kwa sababu mtoto wa miaka 6 anaamini anachofundishwa kusema. Mwache alifukie mwenyewe au alitupe, na kama anataka cha kusema wakati analiachia, aseme: Ewe Allah, nipe jino zuri kuliko hili.

Wallahu aalam.