Baba mkwe ana ALP 410, ini zima: Paget inatibiwa lini?

*"Wakuu, baba mkwe ni Mwingereza wa Bolton, ana miaka 76. Kipimo cha damu kimetoa ALP 410 lakini ini liko sawa. Wamempiga eksirei, wanasema ni ugonjwa wa Paget kwenye mfupa wa muundi, ila hawampi dawa. Mzee analalamika goti. Hapa si anazungushwa?"*

Mkuu, mimi ni nesi, nimefanya kazi miaka mingi kliniki ya mifupa huku kaskazini mwa Uingereza. Nilipokuwa Tanzania sikuwahi kumwona mgonjwa wa Paget. Huku Lancashire ni ugonjwa wa wazee unaofahamika, ingawa siku hizi umepungua sana na hakuna aliyeeleza vizuri kwa nini.

Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Kwenye Paget, seli zinazobomoa huchachamaa sehemu fulani, na zinazojenga hukimbizana nazo zikijenga ovyo: mfupa unanenepa, unapinda, halafu hauna nguvu. ALP ni kimeng'enya kwenye damu, na kinatoka kwenye hizo seli za kujenga. Kwa mtu mzima maabara nyingi huku huweka kikomo kwenye 130 hivi. Ila ALP hutoka pia kwenye ini, ndiyo maana wanaangalia GGT, kipimo kingine cha ini; ikiwa sawa, macho yanageukia mfupa. Hapo bado kuna sababu nyingine za kupanda kwake: upungufu wa vitamini D, mfupa uliovunjika unaounga, na saratani iliyosambaa, hasa ya tezi dume kwa mzee wa umri huo. Eksirei ndiyo inayoamua. Kama hajafanyiwa skani ya mifupa ya mwili mzima, ulizeni, maana Paget inaweza kuwa pia kwenye nyonga au fuvu bila yeye kuhisi chochote.

Sasa dawa. ALP kuwa juu peke yake si sababu ya kutibu, na hili ndilo ndugu wengi hawalikubali. Uingereza walifanya utafiti mkubwa ulioitwa PRISM. Kundi moja lilitibiwa kwa nguvu ili ALP irudi kawaida, jingine likatibiwa pale tu palipokuwa na maumivu. Kuvunjika mifupa na kupoteza usikivu havikupungua kwa waliotibiwa ili namba ishuke. Wapo madaktari, hasa Marekani, wanaopendelea kutibu mapema mfupa ulio hatarini, kwa mfano ulio karibu na kiungo kikubwa. Mimi niko upande wa PRISM.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mzee ni hili: maumivu yanatoka wapi? Nilimhudumia mzee mmoja aliyefanana sana na wako, muundi umepinda kwa mbele, ukiushika una joto kuliko mguu wa pili. Alikuwa na maumivu ya aina mbili. Moja lilimwamsha usiku hata akiwa amelala tu, ndani ya mfupa wenyewe. Jingine lilikuja akipanda ngazi, kwenye goti. Daktari akampa asidi ya zoledroniki, dawa ya kutuliza seli zinazobomoa mfupa, miligramu 5 kwa dripu, mara moja. Kwanza tulipima figo, kalsiamu na vitamini D, kwa sababu vitamini D ikiwa chini, dawa hii inaweza kuangusha kalsiamu hadi misuli ikakakamaa. Siku mbili za mwanzo alikuwa na homa na mwili kuuma kama mwenye mafua. Tulimwonya, akanywa parasetamo. Miezi michache baadaye ALP ilikuwa kawaida na usiku analala. Goti halikubadilika hata kidogo. Mguu uliopinda ulikuwa umelisaga gegedu, na dawa ya Paget haifufui gegedu. Alihitaji fimbo, mazoezi, na mwishowe upasuaji.

Basi kama mzee wako anaumwa goti tu akitembea, daktari hajakosea. Kama muundi unamuuma usiku, rudini mkamwambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Wengine hutibiwa pia kabla ya upasuaji wa mfupa ulioathirika ili usivuje damu nyingi. Kama ana meno mabovu, ayashughulikie kabla ya dripu, kwani mara chache dawa hizi huathiri mfupa wa taya.

Akitibiwa, nafuu mara nyingi hukaa miaka. Hurudiwa maumivu yakirudi, si kwa sababu ALP imepanda kidogo.

Kuna ya kutosubiri miadi: miguu kufa ganzi au kulegea, au kushindwa kuzuia mkojo, kama Paget iko pia uti wa mgongo. Akishindwa ghafla kukanyagia mguu huo, apelekwe siku hiyo, huenda umevunjika. Na maumivu yakizidi haraka huku kukiwa na uvimbe mpya juu ya mfupa, waombe eksirei upya upesi. Saratani ya mfupa uliopata Paget ni nadra sana, haifiki mgonjwa 1 kati ya 100, ila ni kali. Usikivu ukipungua, hiyo ni kliniki ya masikio, na muulize kama fuvu limepigwa picha.