Tangazo la mahafali linalomfikia na mzazi

"Napiga picha hapa Kampala. Wahitimu wanalipenda tangazo langu, lakini likifika kwa wazazi, kimya. Nakosea wapi?"

Kaka, tangazo lako linaongea na mtoto peke yake. "Picha 40 zilizosafishwa, unazipata usiku huohuo" ni furaha ya mhitimu. Mama anayetoa pesa anawaza picha moja: ya ukutani sebuleni, mtoto yuko katikati na joho lake, yeye pembeni na gauni lake la gomesi.

Mimi niliongeza mstari mmoja tu: "Picha ya familia nzima asubuhi kabla ya sherehe, tunaichapa na kuitia fremu, bei ni hiyohiyo." Asubuhi ina sababu yake. Mama akishakaa saa nyingi chini ya hema, mkanda wa gomesi umelegea na mabega ya gauni hilo yaliyochongoka yamelala. Kuyasimamisha upya mbele ya kamera ni kazi. Tena jioni wageni wanakimbilia karamu, na baba humpati.

Halafu sema wazi kuhusu malipo ya awali. Kila msimu wapo wanaogundua siku za mwisho kwamba jina halimo kwenye orodha ya wahitimu, na mzazi anaijua hofu hiyo kuliko wewe. Mimi naandika hivi: "Lipa 100,000 kati ya 300,000 kushika siku. Jina lisipotoka, pesa inangoja mahafali yajayo au tunakurudishia." Tangu niandike hivyo, wazazi wenyewe ndio wananipigia simu.