Stiki inanata ukizungusha taratibu, shida ni dedizoni ya kila mhimili

Swali: "Wakuu natengeneza gemu la kuonekana toka juu, stiki ya kushoto unatembea ya kulia unalenga. Nimeweka dedizoni 0.25 kwenye X na 0.25 kwenye Y. Mtu akiachia stiki anasimama vizuri tu, ila kulenga kunakuwa kama bunduki inanata ikifika juu, chini, kulia na kushoto, halafu inaruka ghafla. Nimebadilisha pedi bado. Nakosea wapi?"

Mkuu pedi yako nzima, usiitupe. Mimi nilizunguka na hiki kitu karibu wiki mbili, nikanunua hadi pedi nyingine, nikapunguza kasi ya bunduki kugeuka, nikaweka ulainishaji ili mruko usionekane, nikaishia kuwa na gemu linalonata HALAFU linachelewa kuitika. Kumbe mistari miwili ya juu kabisa ndo ilikuwa inaharibu, ile ya "kama X ni ndogo kuliko 0.25 ifanye sifuri, kama Y ni ndogo kuliko 0.25 ifanye sifuri". Ukiisoma inaonekana haina kosa lolote, ndo maana unatafuta bagi kila mahali ukiiacha yenyewe.

Chukua karatasi uchore duara, hilo ndo eneo lote ambalo stiki inaweza kufika. Sasa pakia rangi sehemu ambazo ile kodi yako inafuta kitu. Kufuta Y kunakupa mkanda mlalo unaopita katikati toka ukingo hadi ukingo, kufuta X kunakupa mkanda wima vilevile. Yaani ulitaka kufuta kidoa kidogo hapo katikati stiki inapopumzikia, umeishia kufuta msalaba mzima. Stiki ikiingia kwenye mkono wowote wa ule msalaba, hata kama mchezaji ameisukuma mpaka mwisho, mhimili mmoja unakufa na bunduki inalala kwenye mstari ulionyooka.

Ukubwa wa hasara unaweza kuupiga hesabu mwenyewe. Stiki ikiwa imesukumwa mpaka mwisho, yaani urefu wa vekta ni 1, Y inavuka 0.25 pale tu pembe ikipita digrii 14.5 hivi. Kwa hiyo toka kulia kabisa, digrii 14.5 juu na 14.5 chini, zote zinasomeka "kulia". Ni digrii 29 kwa kila upande, pande ziko nne, inakuwa 116 kati ya 360. Karibu theluthi ya duara mchezaji halengi kokote zaidi ya pande nne, af akivuka tu mpaka bunduki inaruka toka 0 hadi 14.5 kwa fremu moja, huo ndo mruko unaousema. Na hapo ni stiki ikiwa mwisho. Akiisukuma nusu, yaani 0.5, ule mpaka unahamia digrii 30, kwa hiyo digrii 240 kati ya 360 zimenasa. Theluthi mbili! Na nusu ndo mahali mtu anasukuma akitaka kulenga kwa utulivu, so kadri anavyokuwa makini ndo gemu linazidi kumbishia.

Kuna na ya kona, hii wengi hawaioni. Pale katikati msalaba unakutana na kuwa mraba, mraba kona zake ziko mbali kuliko pande zake. Ukisukuma kulia tu gemu linaamka ukipita 0.25, ukisukuma kimshazari linaamka ukifika kama 0.35. Mchezaji hatokwambia hivyo, atakwambia tu "mshazari ni mzito".

Mimi nilipofika hapo nikajifanya mjanja, nikasema basi ntatanua upya kila mhimili baada ya kukata ili usiwe na mruko, yaani (x - 0.25) / 0.75 na Y hivohivo. Mruko ukaisha kweli, ila kikaja kibaya zaidi kwa sababu hakionekani. Fanya mfano, mchezaji anasukuma mpaka mwisho kwa pembe ya digrii 20. X ni 0.940, Y ni 0.342. Ukikata na kutanua, X inakuwa 0.920 na Y inakuwa 0.123. Pembe ya hiyo vekta mpya ni digrii 7.6. Mtu kalenga 20 gemu limempa 7.6! Kila pembe inavutwa kuelekea mhimili ulio karibu isipokuwa zile nne za 45 zilizo katikati kabisa, hizo na pande kuu nne zinabaki mahali pake. Ndo maana ukijaribu juu, chini, na mshazari kamili unaona kila kitu poa, unakuja kuumbuka mtu akianza kufuata adui anayetembea.

Dawa yake ni kuacha kuulizia X na Y kila mmoja kivyake. Swali ni moja tu, stiki iko mbali kiasi gani na katikati? Hiyo ni urefu wa vekta, kipeuo cha pili cha x*x + y*y. Ikiwa ndani ya duara dogo, rudisha sifuri. Ikiwa nje, uelekeo usiuguse kabisa, badilisha urefu peke yake. Hii ndo ninayotumia mimi kwenye Godot:

```gdscript
const NDANI := 0.2
const NJE := 0.95

func safisha(v: Vector2) -> Vector2:
    var m := v.length()
    if m <= NDANI:
        return Vector2.ZERO
    var t := minf((m - NDANI) / (NJE - NDANI), 1.0)
    return v / m * t
```

`v / m` ni uelekeo mtupu, `t` ni nguvu mpya toka 0 hadi 1. Chukua ile digrii 20 kwa msukumo wa nusu, X 0.470 na Y 0.171. Kwa njia yako Y ingefutwa na bunduki ingelala digrii 0. Hapa m ni 0.5, t inakuwa 0.3 gawanya kwa 0.75 ambayo ni 0.4, na pembe inabaki 20 vilevile.

Usiruke kile kipande cha kutanua urefu. Mara ya kwanza mimi nilikiruka, nikawa narudisha `v` kama ilivyo ikishatoka nje ya duara, matokeo yake mhusika anatoka kusimama anaanza ghafla na kasi ya 0.2, kunyata haiwezekani tena. Ile 0.95 nayo ina kazi yake, stiki nyingi haziwezi kufika 1 kamili kila upande hasa zikishachakaa, usipoiweka kuna mchezaji atakuwa anakimbia upande mmoja polepole kuliko mwingine na hajui kwa nini. Upande wa pili kuna pedi ambazo kimshazari zinatoa urefu unaozidi 1, `minf` ndo inawazuia hao wasikimbie kuliko wenzao.

0.2 usiinakili kwangu kama ilivyo. Pima. Andika urefu ghafi kwenye skrini, sukuma stiki pande tofauti na uiachie ghafla, mara ishirini hivi, kila mara subiri itulie uone imebaki wapi. Haitorudi sifuri, na haitorudi sehemu moja. Chukua ile kubwa kuliko zote uongeze kidogo. Pedi yangu mpya ilikuwa inabaki chini ya 0.1, ile ya zamani ilifika 0.17, ndo nikaweka 0.2 na mchezaji anaweza kuibadilisha kwenye setingi. Ukitaka kulinganisha, XInput ya Microsoft yenyewe ina namba zake, 7849 kwa stiki ya kushoto na 8689 ya kulia kati ya 32767, yaani kama 0.24 na 0.27. Kwangu ni kubwa kidogo kwa kulenga ila zinafunika pedi nyingi zilizochoka.

Sasa angalia hili kabla hujaja kusema kodi yangu haifanyi kazi. Hakikisha unachokisoma ni ghafi kweli. Injini nyingi zina dedizoni yake ndani, ukiweka ya duara juu ya data ambayo tayari imekatwa msalaba hujaponya kitu, msalaba umeshapita. Kwenye Unity ule mfumo wa zamani wa Input Manager una kisanduku cha `Dead` kwa kila mhimili, kishushe sifuri. Kwenye Godot soma `Input.get_joy_axis` moja kwa moja, au tumia `Input.get_vector` ambayo dedizoni yake ni ya duara tayari, ila usiziweke zote mbili maana utakuwa umekata mara mbili na mchezaji atasukuma sana ndo kitu kiamke. Mimi nilikuwa nachanganya `get_axis` mbili, moja ya mlalo na moja ya wima, ndo msalaba uleule kwa mlango wa nyuma.

Ukitaka mwitiko wa mwanzo uwe laini, yaani t * t badala ya t, weka mkunjo kwenye `t` tu. Nimeona watu wameshaweka duara vizuri kabisa alafu chini wanapiga x*x na y*y kivyakevyake, ile digrii 20 inarudi kuwa 7.5, tumerudi tulikotoka.

Kujua kama umepona chora nukta mbili kwenye skrini, moja ya data ghafi na moja ya iliyosafishwa, na mstari toka katikati kwenda kwa kila moja. Zungusha stiki taratibu ukiwa umesukuma nusu, sio mwisho, kwa sababu kwenye nusu ndo ugonjwa unaonekana zaidi. Mistari miwili inatakiwa ilaliane muda wote. Ukiona mmoja unamsubiri mwenzie ukifika juu au pembeni, bado kuna mahali mhimili unakatwa peke yake.

Dedizoni ya kila mhimili sijasema ni takataka. Kwenye menyu, ngazi, au gemu la kukimbia kulia na kushoto tu mimi bado naitumia, pale unataka stiki ijifanye vitufe vinne na kunasa ndo kitu unachokitafuta. Ila iwe uamuzi wa hiyo menyu, inachukua vekta iliyokwisha safishwa na kuinasisha yenyewe, isikae kule chini ambako kila kitu kinasoma.

Kitu cha mwisho kwa stiki ya kulenga, `safisha` ikirudisha sifuri usigeuze bunduki, iache pale ilipokuwa. Mimi nilisahau, kila nikiachia stiki bunduki inageukia kulia kwa sababu pembe ya vekta sifuri inasomeka digrii 0, na nikaanza tena kuilaumu pedi.