Kodi ya mwakani ina uzito gani leo?

Swali la wiki: "Kodi ikilipwa mwaka mmoja baada ya faida kupatikana, thamani ya mradi hubadilika kweli, au ni kuhamisha namba tu kwenye karatasi?"

Hubadilika, na wakati mwingine hugeuza uamuzi wenyewe. Mimi ni mhasibu, na hesabu hii nimewafundisha wengi, kwa hiyo naomba niioneshe kwa mfano mmoja.

Tuseme kiwanda kidogo kinanunua mashine ya shilingi milioni 60. Mashine inaingiza milioni 27 taslimu kila mwisho wa mwaka kwa miaka mitatu, kisha haina thamani tena. Sheria inaruhusu kukata milioni 20 za uchakavu kila mwaka, hivyo faida inayotozwa kodi ni milioni 7, na kwa kiwango cha 30% kodi ni milioni 2.1. Mwenye mtaji anataka fedha zake zimzalishie angalau 12% kwa mwaka, na hicho ndicho kiwango cha punguzo.

Mapato ya miaka mitatu, yakirudishwa kwenye thamani ya leo kwa kugawanya kwa 1.12 kwa kila mwaka wa kusubiri, ni takriban milioni 64.85. Kodi ikilipwa mwaka uleule wa faida, thamani yake ya leo ni milioni 5.04. Toa kodi hiyo, toa na bei ya mashine, unabaki na hasi 194,000. Mradi unakataliwa.

Sasa sogeza kila malipo ya kodi mwaka mmoja mbele: ya mwaka wa kwanza yalipwe mwaka wa pili, na ya mwaka wa tatu yalipwe mwaka wa nne. Hakuna shilingi iliyosamehewa, lakini thamani ya leo ya kodi inashuka hadi milioni 4.50, na mradi unasimama kwenye chanya 346,000. Tofauti ni shilingi 540,000. Huna haja ya kuchora jedwali upya ili kuipata: chukua thamani ya leo ya kodi isiyocheleweshwa, igawanye kwa 1.12, kisha jibu litoe kwenye thamani hiyo ya mwanzo, basi. Kwa mwaka mzima kiwanda kimekaa na fedha za serikali bila riba.

Ila hapo watu huishia kusema kuchelewa ni faida siku zote, na si kweli. Uchakavu nao ni sehemu ya hesabu ya kodi, kwa hiyo unafuu wake unachelewa pia. Chukulia sheria inaruhusu milioni 60 zote zikatwe mwaka wa kwanza, na kampuni ina faida nyingine za kufidia. Mwaka huo mashine inaipunguzia kampuni kodi ya milioni 9.9, na miaka miwili inayofuata inaiongezea milioni 8.1 kila mwaka. Ukizichanganya, thamani ya leo ya kodi ni milioni 3.38 tu, na kuisogeza mwaka mmoja kunaokoa kama 362,000, si 540,000 tena. Mradi ambao unafuu wake wa kodi ni mkubwa kuliko kodi yenyewe huumizwa kabisa na ucheleweshaji, kwa sababu unasubiri fedha zake mwenyewe.

Kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye karatasi za wanafunzi, hata za maofisa wa mikopo, ni kusahau safu ya mwaka wa nne. Mashine imekwisha kufanya kazi, mtu anafunga jedwali, na kodi ya mwisho inapotea. Katika mfano wetu kosa hilo linaongeza takriban milioni 1.33, na mradi wa 346,000 unaonekana kuwa wa milioni 1.68. Kulitambua ni rahisi: jumlisha kodi zote kabla ya kupunguza thamani. Zisipofika milioni 6.3, kuna mwaka umeachwa.

Kabla ya kutumia dhana hii, tazama kalenda ya nchi yako. Uingereza kampuni ndogo hulipa kodi ya faida miezi tisa na siku moja baada ya mwaka wa hesabu kuisha, kwa hiyo kuichukulia kuwa mwaka mmoja kunakaribia ukweli. Tanzania kampuni hulipa kwa awamu nne ndani ya mwaka wenyewe, kwa makadirio, na kinachobaki hurekebishwa ritani inapowasilishwa. Kenya nayo ina awamu zake. Kwa mradi wa Dar es Salaam ningeweka kodi kwenye mwaka uleule wa faida, na ule wa hasi 194,000 ningeukataa.

Wala usichanganye muda uliotolewa na sheria na kuchelewa kulipa deni lililokwisha iva. Deni hilo hubeba riba. Riba ikiwa 12%, zile milioni 2.1 zinakuwa milioni 2.352 baada ya mwaka, na ukizirudisha nyuma kwa 12% unapata milioni 2.1 zilezile. Hujapata kitu, na adhabu bado haijahesabiwa.