Kuitambua Nchi kwa Namba ya Akaunti: Kwa Wanaoanza Kazi ya Malipo ya Nje

Katika dawati la malipo ya nje utapokea maagizo mengi ambayo mteja ameandika jina la mlipwaji na namba mbili tu, ya benki na ya akaunti, bila kutaja nchi. Kabla hujamrudia mteja, zisome namba zenyewe kwa utaratibu huu: hesabu tarakimu, tazama zilivyopangwa, kisha zipime kwa tarakimu ya uhakiki, yaani ile inayokokotolewa kutokana na tarakimu nyingine ili kufichua makosa, ikiwa nchi unayoidhania inayo. Urefu hukupa orodha ya nchi zinazowezekana, lakini hautoshi kuchagua mojawapo.

Mpangilio husaidia pale urefu unapofanana. Msimbo wa tawi wa Uingereza na ule wa Australia yote ina tarakimu 6, ila Waingereza huziandika mbilimbili, na namba ya akaunti inayofuata huwa na tarakimu 8, ilhali Waaustralia huziandika tatutatu. Kwa hiyo usiondoe vistari na nafasi alizoandika mteja kabla hujazisoma, kwa kuwa ukishaziunganisha tarakimu umeufuta ushahidi huo.

Tatizo ninalotaka ulielewe kuliko mengine ni sifuri ya mwanzo. Namba ya benki ya Marekani ina tarakimu 9, na mbili za kwanza, kwa benki nyingi, huonyesha mojawapo ya wilaya 12 za Benki Kuu yao: 01 ni Boston, 02 ni New York, hadi 12 ambayo ni San Francisco. Benki za wilaya tisa za kwanza, basi, namba zao huanza na sifuri. Mteja akihifadhi orodha ya walipwaji wake kwenye Excel bila kuifanya safu hiyo kuwa ya maandishi, programu huichukulia namba kuwa kiasi na kuiondoa sifuri, hivyo 021000021 hukufikia ikiwa 21000021.

Sasa una tarakimu 8, na huo ndio urefu wa msimbo wa benki wa Ujerumani. Tena tarakimu ya kwanza ya msimbo wa Kijerumani huonyesha eneo, na 2 ni eneo la kaskazini lenye Hamburg na Bremen, kwa hiyo namba inaonekana ya kweli kabisa. Msimbo huo wa Kijerumani hauna tarakimu ya uhakiki ndani yake, kwa hiyo hesabu haiwezi kuukataa. Unachoweza kupima ni dhana ya Marekani: rudisha sifuri, zidisha tarakimu kwa 3, 7 na 1 kwa zamu, kisha jumlisha.

```
3×(0+0+0) + 7×(2+0+2) + 1×(1+0+1) = 30
```

Jumla ikigawanyika kwa 10 bila baki, kama hapa, dhana imepata nguvu, ingawa haijathibitika, kwa kuwa takriban namba moja kati ya kumi zilizobuniwa ovyo ingefaulu kipimo hicho. Hapo ndipo unapomwuliza mteja swali fupi: je, benki ya mlipwaji iko Marekani?

Ubelgiji inatoa ushahidi mzito zaidi. Namba yao ya ndani ina tarakimu 12, zikipangwa tatu za benki, saba za akaunti na mbili za uhakiki. Chukua mfano unaotumika sana katika mafunzo, 539-0075470-34. Gawanya 5390075470 kwa 97. Baki ni 34, sawa na tarakimu mbili za mwisho. (Baki likiwa sifuri, huandikwa 97.) Nafasi ya namba isiyo ya Ubelgiji kulingana hivyo kwa bahati ni takriban moja kati ya 100. Kwa matumizi ya kimataifa namba hiyohiyo hutanguliwa na herufi za nchi na tarakimu mbili nyingine za uhakiki, ikawa BE68 5390 0754 7034, yaani namba ya akaunti ya kimataifa, IBAN, yenye herufi na tarakimu 16.

Katika IBAN herufi mbili za mwanzo hutaja nchi waziwazi, na urefu unabaki kuwa kipimo cha ukamilifu: Ujerumani na Uingereza zote ni 22, Ufaransa na Burundi 27. IBAN ya Burundi yenye 26 imepungukiwa mahali fulani. Usijaribu kuikamilisha mwenyewe. Tanzania na Kenya hazitumii mfumo huo, kwa hiyo namba inayoanza na TZ au KE ikiletwa kama IBAN, huenda mtu ameibuni ili fomu ya Ulaya iikubali. Omba namba ya kawaida ya akaunti pamoja na msimbo wa SWIFT wa benki, ambao herufi yake ya tano na ya sita ndizo zinazotaja nchi, kama TZ katika CORUTZTZ ya CRDB.

Hata namba iliyofaulu vipimo vyote haikuambii kama akaunti ipo wala ni ya nani. Hilo hujibiwa na benki ya mlipwaji peke yake.